Sola ya mkopo Masisi na Walikale: mteja akijitoa, nani anamdai nani?

Kujitoa katika mkataba wa sola ya mkopo ni kurudisha kifaa kabla deni lake halijaisha, na muuzaji kuifunga hesabu ya mteja huyo kwa masharti yanayojulikana. Katika teritwari za Masisi na Walikale, jimbo la Kivu Kaskazini, jambo hilo hutokea mara nyingi kuliko wenye maduka wanavyopanga wanapoanza kuuza. Mikataba mingi hueleza kwa kirefu jinsi mteja anavyoingia, kisha husema neno moja au mawili tu kuhusu jinsi anavyotoka. Ugomvi mwingi huanzia hapo.

Biashara yenyewe ni rahisi kueleza. Seti moja ina paneli ya kufunga juu ya bati, betri iliyo ndani ya sanduku la kudhibiti moto, taa tatu au nne, nyaya za kuchajia simu na, kwa anayejiweza, redio au televisheni ndogo. Mteja hutoa avansi, anapeleka seti nyumbani, kisha hulipa kila juma au kila mwezi kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Kila akilipa hupewa namba za kufungulia. Akizibonyeza kwenye sanduku, taa huwaka kwa siku alizolipia, na siku zikiisha sanduku hujifunga lenyewe. Akimaliza malipo yote, kwa kawaida baada ya miaka miwili au mitatu, hupata namba ya mwisho ambayo hulifungua moja kwa moja, na seti inakuwa mali yake.

Mtindo huu ulipata nguvu Kenya, ambako M-KOPA ilianza kuuza mwaka 2012. Upande wa Kongo, kampuni ya Altech ilianzishwa mwaka 2013 na Wakongomani wawili kutoka Baraka, Kivu Kusini, waliokulia katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu huko Kigoma. Bboxx nayo ilipoingia Kongo ilianzia Goma. Kutoka Goma seti za kampuni mbalimbali zimepanda milima ya Masisi na kushuka kwenye misitu ya Walikale mikononi mwa wenye maduka madogo na maajenti, kwa sababu vijiji vingi vya huko havijawahi kuona waya wa umeme.

Mwenye duka huwa anamwita mteja yeyote aliyeacha kulipa kwa jina moja: mdaiwa sugu. Hilo ni kosa la kwanza, na ni la gharama, kwa kuwa wateja wanaoacha kulipa huku ni wa aina tatu, na kila aina ina dawa yake. Kuna aliyekwama kwa muda: bei ya maharage imeanguka, ng'ombe ameuzwa kwa ajili ya hospitali, au shimo alilokuwa akichimba limefungwa. Kuna aliyehama bila kupenda. Na kuna ambaye ameamua mwenyewe kwamba haitaki tena seti, labda kwa sababu betri haifiki usiku wa manane au amepata nyingine ya bei nafuu.

Aina mbili za kwanza ndizo nyingi. Rubaya, mji wa koltani katika Masisi, uliingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Aprili 2024. Mapigano yalifika Masisi mjini mapema Januari 2025, Goma ikaanguka mwishoni mwa mwezi huo, na Walikale mjini ikafuata tarehe 19 Machi. Siku chache kabla ya hapo, tarehe 13 Machi, mgodi wa kasiterite wa Bisie ulisimamisha kazi, ukaanza kurudi kazini Aprili. Watu wa Mubi na Njingala wanaoishi kwa kuwauzia wachimbaji chakula, nguo na vinywaji waliona soko likikauka ndani ya juma moja. Mteja wa Njingala ambaye hakulipa mwezi huo hakuwa amemkimbia muuzaji wake. Mapato yake ndiyo yaliyomkimbia.

Kwa hiyo utaratibu wa haki huanza na kitu kilicho kabla ya kujitoa, nacho ni kusimamisha. Mteja anatoa habari kwamba hawezi kulipa kwa sasa, hesabu inagandishwa, sanduku linabaki limefungwa, deni haliongezeki na hakuna faini. Siku sitini kwa mwaka ni kiasi kinachobebeka kwa duka dogo. Palipo na vita au antena zikikatika, siku hizo zisihesabiwe kabisa, kwa maana mteja anaweza kuwa na faranga mkononi na asiwe na njia ya kuzituma. Masanduku mengi hukubali namba bila mtandao wowote, kwani sanduku hulinganisha namba hizo na siri iliyo ndani yake. Namba zinaweza basi kutolewa Goma na kusomwa kijijini kupitia simu ya jirani aliyepanda kilima chenye mtandao, au kwa fonia pale ambapo fonia bado inafanya kazi. Muuzaji asiyejua hilo humfungia mteja aliyelipa, kisha anashangaa mteja akikasirika.

Baada ya kusimamisha ndipo kunakuja kujitoa kwenyewe, na swali gumu ni la hesabu. Tuchukue mfano wa kubuni lakini wenye vipimo vya kawaida. Seti inauzwa kwa avansi ya dola 20 na dola 12 kila mwezi kwa miezi 24, jumla dola 308. Muuzaji mwenyewe, akijumlisha bei ya jumla, usafiri hadi Nyabiondo na kamisheni ya ajenti, ametoa dola 140. Mteja amelipa avansi na miezi tisa, yaani dola 128, kisha anaondoka na familia yake. Kwenye karatasi zimebaki dola 180.

Muuzaji wa pupa husema: lipa 180 au rudisha seti, na hata ukirudisha hupati kitu. Katika njia hiyo anajiumiza mwenyewe bila kujua. Seti ya miezi tisa ikirudi nzima, inaweza kuuzwa tena kwa dola 80 hivi. Ukitoa dola 20 za kuibeba, kuisafisha na kubadilisha nyaya, zinabaki 60. Ukijumlisha na 128 zilizokwisha kuingia, amepata 188 kwa kitu kilichomgharimu 140. Hana hasara ya kudai. Anayo faida ya dola 48 kwa miezi tisa. Seti isiporudi, kwa sababu mteja ameiuza Sake kwa bei ya kutupa au ameiacha porini, mwenye duka anabaki na 128 peke yake, pungufu ya mtaji wake kwa dola 12.

Tofauti kati ya hali hizo mbili ni dola 60, na uamuzi wa ipi itokee uko mikononi mwa mteja. Ndiyo maana kumrudishia mteja sehemu ya fedha si sadaka. Akiahidiwa dola 15 siku anaporudisha seti ikiwa nzima, mteja ana sababu ya kuibeba kutoka Nyabiondo badala ya kuiuza njiani, na muuzaji ananunua kwa 15 kitu chenye thamani ya 60. Wenye maduka wengi huliona jambo hili kinyumenyume. Wanahofia kwamba mlango wa kutokea ukiwa mpana watu wote watatoka, wakati hasara kubwa inaletwa na wale wanaotoka kimya kimya kwa sababu mlango umefungwa.

Hesabu hiyo hubadilika kadiri miezi inavyokwenda, na mkataba lazima ufuate mabadiliko hayo. Mteja anayerudisha baada ya miezi miwili amelipa dola 44 tu. Hata seti yake ikiwa bado inauzika kwa 110, zinabaki 90 baada ya gharama, na muuzaji yuko pungufu kidogo ya mtaji. Huyo hastahili kurudishiwa fedha, ila hastahili kudaiwa pia: seti imerudi, hesabu imefungwa. Upande wa mwisho kuna aliyelipa miezi 20, jumla dola 260, akabakiwa na 48. Betri yake imezeeka, na seti ikirudi haitazaa zaidi ya dola 25 baada ya gharama. Kumnyang'anya mtu huyo ni dhulma, na pia ni biashara mbaya. Afadhali apunguziwe salio hadi dola 30 na kupewa miezi mitatu ya kulipa, kisha apewe namba ya mwisho. Kanuni nzuri inayotokana na mfano huu ni kwamba mteja aliyevuka robo tatu ya malipo hanyang'anywi kifaa, anasaidiwa kumaliza.

Masharti haya yaandikwe kwenye ukurasa wa kwanza wa mkataba, kwa Kiswahili, kwa fedha inayolipwa kweli. Maneno kama «asilimia kadhaa ya thamani iliyobaki» hayamsaidii mtu wa Pinga. Jedwali dogo linatosha: ukirudisha mwezi wa tatu hupati kitu wala hudaiwi, ukirudisha mwezi wa tisa unapata dola 15, na kiasi cha kila mwezi mwingine kiandikwe vivyo hivyo. Ajenti alisome kwa sauti kabla mteja hajaweka sahihi au kidole. Jedwali likisomwa hivyo, mteja anajua tangu siku ya kwanza ni wapi atasimama akishindwa.

Siku ya kurudisha, ugomvi wa pili huwa juu ya hali ya kifaa. Muuzaji anasema betri imekufa, mteja anasema alipewa ikiwa hivyo. Ni kipimo tu kinachoweza kuukata. Betri ya risasi ya volti 12 iliyojaa na kupumzika saa kadhaa husoma karibu 12.7, ikisoma chini ya 11.8 imekwisha moto. Ya lithiamu-chuma-fosfati iliyojaa husoma zaidi ya 13. Lakini volti peke yake hudanganya, kwa sababu betri iliyochoka inaweza kuonyesha namba nzuri na kuanguka ndani ya dakika chache. Kipimo cha kweli ni kuijaza, kuwasha taa zake zote mbele ya mteja na kuandika saa ilipozima, kisha kulinganisha na saa zilizoandikwa siku ya kuuza. Duka ambalo halikuandika saa hizo mwanzoni halina haki ya kulalamika mwishoni.

Kuna hatari moja ambayo wauzaji wachache huwaeleza wateja wao. Betri ya risasi ikikaa miezi bila kuchajiwa hujiharibu yenyewe, sahani zake zikivaa chumvi ngumu ya salfeti. Familia inayokimbia huchomoa paneli, huviringisha nyaya na kuficha sanduku gunia ndani ya gunia. Miezi minne baadaye betri haiponi tena, ingawa haikutumika hata usiku mmoja. Ushauri ni kwamba anayesimamisha aiache paneli imeunganishwa kama anabaki nyumbani, kwani sanduku lililofungwa huendelea kuchaji. Na anayekimbia aipeleke seti kwenye duka lolote la kampuni iliyomuuzia litakaloipokea na kuitunza. Betri iliyokufa kwa njia hiyo ihesabiwe kuwa ajali ya vita, na mteja asikatwe.

Baada ya kipimo linafuata karatasi, nayo ndiyo kinga ya pande zote mbili. Kisa kinachojirudia ni hiki: mteja anampa ajenti seti kando ya barabara, ajenti anasema sawa, na miezi mitatu baadaye simu za kudai zinaendelea kwa sababu ajenti aliiuza seti hiyo kwa mtu mwingine. Resu ya kurudisha iandikwe nakala tatu: ya mteja, ya ajenti na ya ofisi. Iwe na namba ya kifaa iliyochapwa nyuma ya sanduku, tarehe, jumla iliyolipwa, saa ambazo taa ziliwaka, kiasi cha kurudishiwa na maneno yaliyo wazi kwamba deni limekwisha. Nyumbakumi akiweka sahihi kama shahidi, ni bora zaidi. Kuanzia dakika hiyo madai yoyote ni ya ofisi kwa ajenti wake.

Fedha ya kurudishiwa itumwe kwa njia ya simu, ndani ya siku zilizoandikwa, na kwa namba ileile iliyokuwa ikilipa. Tangu benki za Goma zifungwe mwishoni mwa Januari 2025, faranga za noti zimekuwa adimu na kuzitoa kwenye kibanda kuna makato yake, kwa hiyo muuzaji mwema hubeba makato hayo au huyataja mapema. Ugumu hutokea kwa aliyepoteza simu akikimbia. Asiambiwe kwamba hatambuliki. Mtu anayetaja namba ya kifaa, anayekumbuka takribani siku alizolipa mara za mwisho na kuletwa na jirani aliyekuwa shahidi wa mkataba ametambulika vya kutosha kwa dola 15.

Sheria ya Kongo inasemaje? Dekrii ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mikataba, ambayo bado ndiyo msingi, inasema katika kifungu cha 33 kwamba mapatano yaliyofanywa kihalali ni sheria kwa waliopatana na yatekelezwe kwa nia njema. Kifungu cha 82 kinaruhusu mkataba kuvunjwa pale upande mmoja usipotimiza ahadi, lakini kwa kawaida kupitia hakimu, ambaye anaweza kumpa mdaiwa muda. Kwa seti ya dola 300 hakuna atakayefunga safari ya kwenda mahakamani, na hilo ndilo linalofanya mkataba wenyewe uwe na uzito: usipoeleza njia ya kutoka, hakuna mwingine wa kuieleza.

Pengo hilo huwavuta wengine kwenye njia ya mkato, yaani kumtafuta mwenye bunduki au afande anayefahamiana naye ili mdaiwa awekwe kasho. Kongo ilijiunga mwaka 1976 na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, na kifungu chake cha 11 kinakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba. Kuuza seti ambayo bado ni mali ya muuzaji ni jambo jingine. Hilo linaweza kuwa kosa la kuvunja amana chini ya kifungu cha 95 cha kanuni ya adhabu, ikiwa mkataba unasema wazi kwamba seti ni ya kukodi hadi malipo yaishe. Mpaka kati ya asiyeweza kulipa na aliyeuza mali ya mwenzake lazima ujulikane na kila ajenti. Aidha, duka lililotumia mtu mwenye silaha kudai deni moja limekwisha kupoteza kijiji kizima, kwa maana habari ya namna hiyo hufika Kichanga kabla ya ajenti mwenyewe.

Sehemu ya matatizo hutengenezwa ndani ya duka. Ajenti anayelipwa kamisheni yote siku ya kuuza atamuuzia hata mjane asiye na mapato, kwa sababu kesho si tatizo lake. Kamisheni ikigawanywa, nusu siku ya kuuza na nusu mteja akifikisha malipo ya mwezi wa nne, ajenti huanza kuuliza maswali ambayo ofisi ilipaswa kuuliza: mavuno huja lini, nani hutuma fedha, kuna seti nyingine nyumbani? GOGLA, umoja wa kimataifa wa wauzaji wa sola hizi, una kanuni za kumlinda mteja ambamo uwazi, uuzaji wa uangalifu na kumtendea mteja kwa heshima vimo pamoja na ubora wa bidhaa na faragha.

Faragha hiyo ina maana yake ya pekee hapa. Orodha ya wateja ina majina, namba za simu na mara nyingi alama za setilaiti zinazoonyesha nyumba iliko. Katika eneo ambalo mamlaka hubadilika kwa siku moja, karatasi hiyo ni hatari kwa waliomo. Mteja akishajitoa, alama za nyumba yake zifutwe na jina lake liondoke kwenye daftari la ajenti. Ofisi ibaki na namba ya hesabu, fedha zilizolipwa na nakala ya resu. Hivyo ndivyo vinavyohitajika hata kama mteja atarudi.

Na wengi hurudi. Watu wa Masisi wamekimbia na kurejea mara nyingi kwa miaka thelathini, na anayerejea huanza kwa bati, sufuria na taa. Muuzaji aliyemfungia hesabu vizuri anaweza kumkubali tena bila avansi mpya, kwa kuangalia tu jinsi alivyolipa miezi ile tisa. Simu moja ya kumuuliza kwa nini aliondoka inatosha. Simu kumi za kumbembeleza humfukuza. Majibu yaandikwe kwa aina tatu zilizotajwa juu. Wengi wakisema betri haifiki usiku wa manane, tatizo liko kwenye mzigo uliotoka Goma, na muuzaji anapaswa kulipeleka kwa aliyemuuzia badala ya kwa wateja.

Msomaji mwenye mkataba wa namna hii nyumbani autoe leo na kutafuta ukurasa unaoeleza kurudisha. Usipokuwepo, aombe ofisi imwandikie, na asimpe ajenti yeyote seti yake bila resu yenye namba ya kifaa na maneno kwamba deni limekwisha.